Aya chini ya jedwali

Chini ya jedwali la takwimu huandikwa aya fupi yenye kazi mbili. Kwanza inamweleza msomaji, kwa maneno ya kawaida, jambo kuu linaloonekana katika tarakimu zile. Kisha inamtahadharisha juu ya kosa moja ambalo angeweza kulifanya kwa urahisi anapozisoma. Aya hiyo haizidi sentensi nne au tano, yaani maneno 50 hadi 80 hivi. Si kichwa cha jedwali, kwa kuwa kichwa hutaja tu kilichopimwa, mahali na wakati. Wala si tanbihi, ambazo hueleza chanzo cha takwimu na alama zilizotumika. Uchambuzi mrefu nao una kurasa zake. Aya hii ni ya mtu mwenye nusu dakika ya kulitazama jedwali, naye ataondoka na alichokielewa katika nusu dakika hiyo.

Namna ya kuiandika huonekana vizuri zaidi kwenye jedwali halisi. Tangu Muungano wa 1964, Tanzania imefanya sensa sita za watu. Matokeo yake, yakikadiriwa hadi sehemu ya kumi ya milioni, ni haya:

Idadi ya watu Tanzania kwa kila sensa, 1967 hadi 2022 (milioni)

| Mwaka wa sensa | Idadi ya watu | Ongezeko tangu sensa iliyotangulia |
|---|---|---|
| 1967 | 12.3 | – |
| 1978 | 17.5 | 5.2 |
| 1988 | 23.1 | 5.6 |
| 2002 | 34.4 | 11.3 |
| 2012 | 44.9 | 10.5 |
| 2022 | 61.7 | 16.8 |

Jedwali ni dogo na halina neno gumu hata moja. Hata hivyo lina mtego, na mwandishi mwenye haraka hunaswa kabla ya msomaji wake. Aya ya kwanza inayomjia mtu kichwani huwa na sura kama hii: “Jedwali hapo juu linaonyesha idadi ya watu Tanzania. Mwaka 1967 kulikuwa na watu milioni 12.3, mwaka 1978 milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, na mwaka 2002 milioni 34.4. Kati ya 1988 na 2002 kasi ya ongezeko iliruka ghafla hadi mara mbili ya ilivyokuwa, kisha ikapungua kidogo kabla ya kupanda tena.”

Nusu ya kwanza ya aya hiyo haimsaidii mtu. Inayarudia yaliyomo kwenye jedwali, tena kwa namna iliyo ngumu zaidi kusoma, kwa sababu tarakimu zilizopangwa wima hulinganishwa kwa mtupo mmoja wa jicho, na zikimwagwa ndani ya sentensi hulazimu kukumbukwa moja moja. Nusu ya pili ina kasoro kubwa zaidi, maana inasema jambo ambalo halikutokea. Ni kweli kwamba 11.3 ni karibu mara mbili ya 5.6. Lakini 5.6 ni ongezeko la miaka 10, kutoka 1978 hadi 1988, ilhali 11.3 ni la miaka 14, kutoka 1988 hadi 2002. Anayelinganisha tarakimu hizo mbili bila kuangalia miaka analinganisha mshahara wa mwezi na wa wiki sita.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuandika, na huanza kwenye safu ya kushoto ambayo watu wengi huipita. Mwandishi aliyezoea husoma kwanza kichwa, kipimo na safu hiyo ya mwanzo, ndipo aziendee tarakimu. Katika jedwali hili, safu ya miaka inasema: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Akitoa mwaka mmoja katika unaofuata, anapata vipindi vya miaka 11, 10, 14, 10 na 10. Hapo mtego umeshafichuka, na imemchukua muda mfupi kuliko wa kuchonga penseli.

Hatua inayofuata ni kutazama ncha mbili, tarakimu ya kwanza na ya mwisho. Milioni 12.3 na milioni 61.7: ya mwisho ni mara tano ya ya kwanza, na kati yake imepita miaka 55. Ncha mbili humpa mwandishi ukubwa wa mabadiliko, lakini haziwezi kumwambia safari ilikwendaje. Idadi ingeweza kupanda, kushuka na kupanda tena huku ncha zikibaki zile zile. Ndiyo maana hupita mstari kwa mstari akijiuliza kama kila tarakimu ni kubwa kuliko iliyo juu yake. Katika safu ya idadi ya watu, kila moja ni kubwa, bila hitilafu. Katika safu ya ongezeko ipo hitilafu moja: 10.5 iko chini ya 11.3. Kila hitilafu ya namna hiyo inadai maelezo kabla ya kuandikwa, na maelezo ya hii tayari yapo: vipindi havilingani.

Ili vilingane, kila ongezeko hugawanywa kwa miaka ya kipindi chake. Hesabu ni ya shule ya msingi: 5.2 ÷ 11 ni karibu 0.47, 5.6 ÷ 10 ni 0.56, 11.3 ÷ 14 ni 0.81, 10.5 ÷ 10 ni 1.05, na 16.8 ÷ 10 ni 1.68. Hizo ni milioni za watu kwa mwaka. Sasa hitilafu imetoweka na sura ya kweli imejitokeza. Hakuna mruko wa ghafla wala kushuka. Kila kipindi kiliongeza watu wengi zaidi kwa mwaka kuliko kilichokitangulia, kuanzia chini kidogo ya nusu milioni hadi karibu milioni 1.7.

Hapo mwandishi anayelijua somo la idadi ya watu atataka kwenda mbali kidogo, na ana haki. Ongezeko likipimwa kwa asilimia badala ya kwa vichwa, picha inabadilika tena. Katika vipindi vyote vitano, kiwango cha ongezeko la watu Tanzania kwa mwaka kilikuwa kati ya asilimia 2.7 na 3.2. Kilianza asilimia 3.2, kikashuka chini kidogo ya 3, kisha katika kipindi cha 2012 hadi 2022 kikarudi 3.2. Kumbe asilimia ile ile ilizaa watu wengi zaidi kila mara kwa sababu ilikokotolewa juu ya idadi kubwa zaidi. Asilimia 3 ya watu milioni 12.3 ni kama watu 370,000, na asilimia 3 ya milioni 44.9 inakaribia milioni 1.35. Hiki ndicho kisa kizima cha jedwali hili, na mtu akishakielewa hawezi tena kuzisoma tarakimu zile kwa jicho la awali.

Lakini aya ya chini ya jedwali haina nafasi ya kisa kizima, na hapa ndipo maamuzi yanapokuwa magumu. Mambo matatu yote ni ya kweli: idadi imefika mara tano ya ilivyokuwa, watu wanaoongezeka kwa mwaka wamezidi kuwa wengi, na asilimia ya ongezeko imebaki karibu na 3. Yakiandikwa yote kwa uzito ule ule, msomaji atabaki na matatu nusunusu. Lazima moja lishike usukani. Kigezo kizuri ni kuchagua lile ambalo msomaji anaweza kulihakiki mwenyewe kwenye jedwali lililo mbele yake. Mara tano inahakikika kwa kutazama ncha mbili. Ongezeko kwa mwaka linahakikika kwa mtu aliye tayari kugawanya. Asilimia 3 haimo kwenye jedwali kabisa, na kuipata kunahitaji hesabu ambayo wasomaji wengi hawataifanya. Basi jambo la kwanza ndilo kuu, la pili linalifuata kama maelezo, na la tatu linasubiri makala yenyewe, au jedwali jingine lenye safu ya asilimia.

Kigezo hicho kina faida nyingine isiyoonekana mara moja: kinamzuia mwandishi kuingiza sababu. Jedwali linasema watu waliongezeka. Halisemi ni kwa nini. Mtu anaweza kujua kutoka kwingineko kwamba vifo vya watoto vimepungua na kwamba familia bado ni kubwa, na akawa sahihi, lakini hakuna mstari wala safu ya jedwali hili inayobeba habari hizo. Aya ikisema “kutokana na kuboreka kwa huduma za afya, idadi ya watu imefika mara tano,” msomaji ataamini kwamba takwimu za sensa zimethibitisha sababu hiyo, kwa kuwa maneno yamekaa chini ya takwimu zenyewe. Neno “kutokana na” ni la kuogopwa katika aya ya namna hii, pamoja na ndugu zake “kwa sababu ya”, “hivyo kusababisha” na “matokeo yake”. Ukaribu na tarakimu huyapa maneno nguvu ambayo hayakuistahili.

Baada ya jambo kuu inakuja tahadhari, nayo ni moja tu. Kwa jedwali la sensa, tahadhari zinazowezekana ni nyingi, na zote ni za kweli. Tarakimu zimekadiriwa hadi sehemu ya kumi ya milioni. Hakuna sensa duniani inayomhesabu kila mtu bila kosa. Sensa za Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, hata kama pale si kwake. Jumla ya taifa inaficha tofauti kati ya mikoa. Na mwenendo wa miaka 55 iliyopita hauahidi lolote juu ya miaka 55 ijayo. Anayeziandika zote tano anadhani anamlinda msomaji. Msomaji akiona orodha ya tahadhari huiruka yote, kama anavyoruka masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya tiketi, na ile moja iliyomhusu kweli inapotea pamoja na nyingine.

Ya kuchaguliwa hupatikana kwa swali moja: mtu mwenye akili timamu, asiye na utaalamu wa takwimu, akilitazama jedwali hili bila kusaidiwa, atatoka na hitimisho gani lisilo sahihi? Hakuna atakayedanganywa na ukadiriaji, maana mia moja elfu hazibadilishi kitu kwenye safari ya kutoka milioni 12 hadi 61. Kosa dogo la kuhesabu halitageuza mara tano kuwa mara mbili. Watu waliolala ugenini huhamisha hesabu kutoka wilaya moja hadi nyingine, lakini jumla ya nchi haitikisiki. Lakini wasomaji wengi wataiona ile 11.3 iliyopanda juu ya jirani zake na kuamini kwamba miaka ya 1990 nchi ilikumbwa na mlipuko wa watu ulioanza kutulia baadaye. Hilo ndilo kosa ambalo jedwali lenyewe linamkaribishia msomaji, kwa hiyo ndilo la kuzuiwa.

Inafaa kusema pia kwamba tahadhari haiponyi jedwali lenye kasoro. Mwenye mamlaka juu ya jedwali hili angefanya vyema kuongeza safu ya miaka iliyopita kati ya sensa na sensa, au kuiondoa safu ya ongezeko na kuweka wastani wa ongezeko kwa mwaka. Mara nyingi, hata hivyo, anayeandika aya si yule aliyetengeneza jedwali. Limetoka ofisi nyingine, limeshapitishwa, na haruhusiwi kuligusa. Hapo aya ndiyo ulinzi pekee uliobaki.

Rasimu ya pili, iliyoandikwa baada ya kazi hiyo yote, inaweza kuwa hivi:

“Kati ya sensa ya 1967 na ya 2022, idadi ya watu Tanzania ilitoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7, yaani mara tano ya ilivyokuwa. Kila kipindi kiliongeza watu wengi zaidi kwa mwaka kuliko kilichotangulia: kutoka wastani wa karibu nusu milioni mwanzoni hadi karibu milioni 1.7 mwishoni. Tahadhari: vipindi kati ya sensa havilingani. Ongezeko la 1988 hadi 2002 ni la miaka 14, kwa hiyo lisilinganishwe moja kwa moja na ya vipindi vya miaka 10.”

Aya hiyo ina maneno sabini hivi. Inafaa kuipitia polepole, kwa kuwa karibu kila neno lilikuwa na mshindani wake. Inaanza na jambo lenyewe, bila “jedwali hapo juu linaonyesha”. Msomaji anajua yuko chini ya jedwali, na maneno manne ya kwanza ya aya fupi ni mali ya thamani. Imeandikwa “mara tano ya ilivyokuwa” badala ya “iliongezeka mara tano”, kwa sababu ongezeko lenyewe, milioni 49.4, ni mara nne ya idadi ya mwanzo, na anayeshika kikokotoo asije akaikuta aya inapingana na jedwali. Miaka ya mwanzo na ya mwisho imetajwa ndani ya sentensi, ili aya ikinukuliwa peke yake gazetini isipoteze mipaka yake. Katika tarakimu zote za jedwali ni mbili tu zilizorudiwa, zile za ncha. Neno “wastani” limewekwa kwa makusudi, kwani hakuna sensa iliyofanyika katikati ya kipindi, na hakuna ajuaye kutoka kwenye jedwali hili kama watu waliongezeka sawasawa kila mwaka.

Tahadhari nayo ina sehemu mbili ambazo hazitenganishwi. Ya kwanza inataja tatizo: vipindi havilingani. Ya pili inasema tatizo hilo linamzuia msomaji kufanya nini. Tahadhari nyingi zinazochapishwa hukomea kwenye sehemu ya kwanza. Huandikwa “takwimu hizi zitumike kwa uangalifu” au “ikumbukwe kuwa vipindi vinatofautiana,” na msomaji hubaki akijiuliza uangalifu gani, na afanye nini. Tahadhari inayofaa hutaja mahali, yaani safu ipi, mstari upi na ulinganisho upi. Ikiwa sentensi ile ile ingeweza kubandikwa chini ya jedwali la bei za mahindi au la wanafunzi waliofaulu bila kubadilishwa neno, basi haijasema kitu kuhusu jedwali hili.

Kuna kosa la upande wa pili, la tahadhari inayoimeza habari. Ikiwa aya ingesema kwamba idadi ilifika mara tano, kisha ikaongeza kuwa sensa zina makosa na kwamba idadi halisi haijulikani, msomaji angeachwa bila chochote mkononi. Jambo kuu na tahadhari lazima viweze kukaa pamoja. Kama tahadhari ni nzito kiasi cha kulivunja jambo kuu, basi lile halikuwa jambo kuu, na aya inapaswa kuandikwa upya ikianza na udhaifu wa takwimu zenyewe. Hali hiyo hutokea kweli. Matokeo ya sensa ya Kenya ya 2009 yalipotangazwa mwaka 2010, serikali ilikataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Turkana na Mandera, kwa kuwa ongezeko lililoonekana huko lilipita kiasi kilichotarajiwa. Anayeandika chini ya jedwali linalolinganisha maeneo hayo kwa sensa hiyo hawezi kuanza na “idadi ya watu ilipanda sana” halafu auweke mgogoro ule mwishoni. Sentensi yake ya kwanza ndiyo inayopaswa kuubeba.

Jedwali jingine dogo, la sensa zile zile za Tanzania, linaonyesha jinsi tahadhari inavyobadilika mara tu swali linapobadilika, hata kama chanzo cha takwimu ni kimoja.

Idadi ya watu Tanzania Bara na Zanzibar, 2012 na 2022

| Sehemu | 2012 | 2022 | Ongezeko (asilimia) |
|---|---|---|---|
| Tanzania Bara | 43,625,354 | 59,851,347 | 37 |
| Zanzibar | 1,303,569 | 1,889,773 | 45 |

Hapa kipindi ni kimoja kwa wote, kwa hiyo tahadhari ya awali haina kazi. Jambo kuu ni kwamba Zanzibar ilikua kwa kasi kubwa kuliko Bara. Hitimisho la makosa linalomnyemelea msomaji ni kudhani kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la nchi ilitoka Zanzibar. Kwa vichwa, Bara iliongeza watu zaidi ya milioni 16, na Zanzibar haikufika laki sita. Aya inaweza kuwa hivi: “Kati ya 2012 na 2022 idadi ya watu Zanzibar iliongezeka kwa asilimia 45, na ya Tanzania Bara kwa asilimia 37. Tahadhari: asilimia hizi zinapima kasi ya kila upande. Kwa kuwa Zanzibar ilianza na watu wachache, ongezeko lake ni karibu watu 586,000, na la Bara ni zaidi ya milioni 16.” Sentensi tatu zimetosha. Jedwali dogo halidai aya ndefu.

Jedwali hilo la pili linafundisha pia jambo la kiufundi kuhusu ukadiriaji. Likiandikwa kwa milioni, Zanzibar ingekuwa na 1.3 na 1.9, na anayekokotoa asilimia kutoka hapo angepata 46 badala ya 45. Bara ingekuwa na 43.6 na 59.9, ambazo tofauti yake ni 16.3, wakati tofauti halisi ni 16.2. Tofauti hizo ni ndogo, lakini msomaji mmoja makini akizikuta atapoteza imani na ukurasa mzima. Kwa hiyo hesabu zote za aya hufanywa kwa tarakimu kamili, na ukadiriaji huja mwisho kabisa, wakati wa kuandika. Pale ambapo hesabu ya msomaji bado inaweza kupishana na ya mwandishi, tanbihi fupi inayosema kwamba tarakimu zimekadiriwa humaliza tatizo bila kuigusa aya.

Ulinganisho wa asilimia una shimo jingine linalostahili kutajwa, kwa sababu limewaangusha wengi wanaoandika kuhusu mitihani na chaguzi. Kiwango cha ufaulu kikitoka asilimia 40 hadi 50, kimepanda kwa pointi 10 za asilimia. Anayeandika “ufaulu umepanda kwa asilimia 10” anasema jambo jingine, kwa kuwa asilimia 10 ya 40 ni 4, na ingefikisha ufaulu 44 tu. Njia salama kwa msomaji wa kawaida ni kutaja ncha zote mbili, “ulipanda kutoka asilimia 40 hadi 50,” na kuiacha tofauti ajitolee mwenyewe.

Aya ikishaandikwa hujaribiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulifunika jedwali kwa karatasi na kumpa mtu asiyeliona aisome aya peke yake, kisha aeleze kwa maneno yake nini kilitokea na ni jambo gani asilifanye. Akisema “watu wameongezeka sana, lakini nisifananishe ile miaka 14 na mingine,” aya imefanya kazi. Akishindwa kueleza tahadhari, basi haikuwa mahususi vya kutosha. Akiongeza sababu ambayo haikuandikwa, mwandishi atafute neno lililompeleka huko. Njia ya pili ni kinyume chake: jedwali hufunuliwa, na kila dai la aya hunyooshewa kidole kwenye tarakimu zinazolibeba. Dai lisilo na tarakimu huondolewa, hata kama ni la kweli.

Mahali pa aya nako kuna uzito wake. Siku hizi majedwali hupigwa picha kwa simu na kusambazwa katika makundi, na picha hiyo mara nyingi hukatwa pale jedwali linapoishia. Aya inayoanza mara moja chini ya mstari wa mwisho, bila nafasi tupu na bila tanbihi kuingia katikati, ina nafasi nzuri zaidi ya kuingia kwenye picha. Tanbihi na chanzo hufuata baada yake.

Na jedwali likibadilishwa, aya huandikwa upya kuanzia hatua ya kwanza. Matokeo ya sensa ijayo yatakapoongezwa chini ya mstari wa 2022, haitoshi kufuta milioni 61.7 na kuweka tarakimu mpya. Ile “mara tano” itahitaji kukokotolewa tena, miaka ya kipindi kipya itahesabiwa, na madai mawili yatapimwa moja moja: kama kila kipindi bado kimeongeza watu wengi kwa mwaka kuliko kilichokitangulia, na kama miaka 14 ya kati ya 1988 na 2002 bado ndiyo inayompotosha msomaji kuliko kitu kingine chochote kwenye jedwali.